Mchezaji wa Tenisi Akijitoa, Dau Lako Linakwenda Wapi?

Jioni ya tarehe 7 Julai 2025, kwenye Uwanja wa Kati wa Wimbledon, Grigor Dimitrov wa Bulgaria alikuwa anamchapa Jannik Sinner wa Italia, mchezaji namba moja wa dunia wakati huo. Alikuwa ameshinda seti ya kwanza 6-3 na ya pili 7-5, na seti ya tatu ilikuwa 2-2. Akapiga sevu, kisha akaanguka akishika kifua upande wa kulia. Msuli ulikuwa umeumia. Alijaribu kuhudumiwa, ikashindikana, akajitoa huku akilia. Sinner, aliyekuwa nyuma kwa seti mbili, akatangazwa mshindi na baadaye akachukua ubingwa.

Kwenye kitabu cha mashindano mambo yaliishia hapo: Sinner amesonga mbele. Kwa waliokuwa wameweka pesa, mechi hiyo moja ilitoa majibu mengi yanayopingana. Wawili waliobashiri jambo lilelile kwa kampuni mbili tofauti waliweza kuishia mmoja amelipwa na mwenzake amerudishiwa dau. Kampuni zinazopokea ubashiri Tanzania na Kenya zinauza tenisi kila siku, saa zote, na wengi huiongeza kwenye mkeka baada ya mechi za mpira kwisha bila kujua sheria ya kujitoa inasemaje. Mimi naiona sheria hiyo kuwa muhimu kuliko odi zenyewe, kwa sababu tenisi haina mchezaji wa akiba. Nyama ya paja ikivutika, mechi imekwisha.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mchezaji akijitoa kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, mpinzani wake anapata ushindi wa mezani. Ndivyo ilivyokuwa Wimbledon mwaka 2022, Rafael Nadal alipojitoa kabla ya nusu fainali na Nick Kyrgios akaingia fainali bila kucheza. Hapo hakuna utata: hakuna mechi iliyochezwa, hivyo dau la mechi hiyo hurudishwa. Kwenye matokeo ya mtandaoni utaona W.O. pembeni ya jina. Ukiona Ret., maana yake mechi ilianza na mmoja akashindwa kuendelea, na hapo ndipo mahesabu yanapoanza. Mvua au giza ni habari nyingine kabisa. Mechi iliyosimamishwa ikaendelea kesho yake haijaachwa, na ubashiri wako bado uko hai.

Kwa ubashiri wa nani atashinda mechi, kampuni zimegawanyika katika kambi tatu. Zipo zinazosema mpira mmoja tu ukishachezwa, anayesonga mbele ndiye mshindi na malipo yatolewe. Zipo zinazotaka angalau seti moja iwe imekamilika. Na zipo zinazotaka mechi yote ichezwe hadi mwisho, la sivyo kila mtu arudishiwe chake. Kwa mechi ya Dimitrov, kambi mbili za kwanza ziliwalipa waliomchagua Sinner, na waliomchagua Dimitrov wakapoteza pesa ilhali mtu wao alikuwa anaongoza. Kambi ya tatu iliwarudishia wote. Tofauti inaonekana zaidi mchezaji anapoumia mapema, kama Serena Williams alivyojitoa Wimbledon mwaka 2021 dhidi ya Aliaksandra Sasnovich wakiwa 3-3 katika seti ya kwanza. Hapo kambi ya pili nayo inarudisha dau, kwa kuwa hakuna seti iliyokamilika. Ni kambi ya kwanza pekee inayolipa.

Ubashiri wa matokeo ya seti, ambao kwenye simu huandikwa Set Betting, una sheria yake. Hapa unabashiri kwamba mechi itaisha 3-0, 3-1, 3-2 na kadhalika, au 2-0 na 2-1 katika mechi za seti tatu. Mechi ya Sinner iliishia Dimitrov akiwa na seti mbili na mwenzake sifuri, na matokeo ya namna hiyo hayapo kabisa kwenye orodha ya kuchagua. Kampuni haiwezi kusema ilikuwa 3-0 kwa Dimitrov, kwa sababu hakushinda ya tatu. Haiwezi pia kumpa Sinner seti ambazo hakucheza. Kwa hiyo kanuni ya kawaida ni kwamba idadi ya seti zinazotakiwa isipokamilika, ubashiri huu unabatilishwa. Aliyeweka Dimitrov 3-0, akiwa amebakiza seti moja tu, alirudishiwa dau bila faida. Inauma, lakini ni haki: Sinner angeweza kugeuza mambo.

Kuna swali gumu zaidi. Vipi aliyeweka Sinner 3-0? Ubashiri wake ulikuwa umeshakufa tangu Dimitrov alipochukua seti ya kwanza. Kampuni zinazobatilisha soko zima zitamrudishia pesa hata huyu, na atakuwa ameokolewa na jeraha la mtu mwingine. Nyingine zinatumia kanuni kali zaidi, ambayo naiona ndiyo sahihi: jambo ambalo lilikuwa limeshaamuliwa kabla ya mchezaji kujitoa, hata mechi ingeendelea vipi, linabaki kama lilivyo, na lisiloamuliwa ndilo linalorudishwa. Chini ya kanuni hii Sinner 3-0 na Sinner 3-1 zimepotea, ilhali Sinner 3-2 na Dimitrov kwa matokeo yoyote zinarudishwa. Aliyebashiri nani atashinda seti ya kwanza hana wasiwasi popote pale, kwa kuwa seti ile iliisha na Dimitrov akaishinda.

Handikapu ya gemu ndiyo inayowachanganya watu wengi. Hapa hatuhesabu seti, tunahesabu gemu zote za mechi. Tuseme umechukua Sinner kwa handikapu ya -6.5. Mwisho wa mechi unajumlisha gemu zake zote, unatoa 6.5, kisha unalinganisha na za mpinzani. Ili ushinde lazima awe amemzidi kwa gemu saba au zaidi. Wakati Dimitrov anajitoa, gemu zilikuwa 15 kwa Dimitrov na 10 kwa Sinner. Mtu anaweza kudhani ubashiri huo umepotea, maana Sinner yuko nyuma kwa gemu tano. Haujapotea, kwa sababu mechi ilikuwa na nafasi ya kwenda mbali.

Tufanye hesabu hiyo taratibu. Jambo zuri kuliko yote kwa Sinner lingekuwa kushinda seti ya tatu 6-2, yaani gemu nne mfululizo kutoka 2-2, kisha ya nne 6-0 na ya tano 6-0. Angemaliza na gemu 26, na Dimitrov angebaki na zilezile 15. Tofauti ingekuwa 11. Kwa hiyo -6.5 ilikuwa bado inawezekana, na kwa kuwa hakuna anayejua ingekuwaje, dau linarudishwa. Lakini kama mtu alikuwa amechukua Sinner kwa -11.5, hakuna njia yoyote duniani ambayo angeshinda. Mwenye Dimitrov +11.5 naye hakuwa na njia ya kushindwa. Chini ya kanuni ya lililoamuliwa, wa kwanza amepoteza na wa pili analipwa. Chini ya kanuni ya kubatilisha soko zima, wote wawili wanarudishiwa.

Unaona basi kwamba handikapu za kawaida ni nadra kuamuliwa kabla ya mwisho, hasa katika mechi za wanaume za seti tano, ambako bado kuna gemu nyingi za kugeuza tofauti. Handikapu ya seti huamuliwa mapema zaidi. Dimitrov kwa +1.5 seti alikuwa ameshafika salama: akiwa na seti mbili mkononi, kipigo kibaya zaidi kingekuwa 3-2, ambacho ni tofauti ya seti moja tu.

Kwenye jumla ya gemu kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya. Gemu zilizochezwa zilikuwa 25, na mtu anaweza kuamini kwamba mstari wa juu ya 24.5 ndio wa mwisho kulipwa. Lakini mechi isingeweza kuisha pale. Njia fupi kabisa ya kuimaliza ilikuwa Dimitrov kushinda seti ya tatu 6-2, gemu nne zaidi, jumla 29. Kwa hiyo hata juu ya 28.5 ilikuwa imeshatimia kwa hesabu, na kampuni zinazofuata kanuni ya lililoamuliwa huilipa. Wa chini ya idadi fulani hana bahati hiyo. Hata mechi ikienda polepole namna gani, upande wa chini ni nadra kuwa umeshashinda kabla ya mpira wa mwisho kuchezwa. Ukipenda kubashiri jumla ya gemu, tofauti hiyo ni ya kuizingatia pale mchezaji anapoingia uwanjani akiwa na bandeji.

Historia ya mchezaji nayo haifichiki. Ile ya mwaka 2025 ilikuwa mara ya tano mfululizo Dimitrov kushindwa kumaliza mechi katika mashindano makubwa manne ya tenisi, akianzia Wimbledon ya 2024. Mtu aliyekuwa na habari hiyo, na aliyejua kampuni yake iko kambi gani, aliweka pesa akijua hatari aliyoibeba.

Ubashiri uliobatilishwa ukiwa ndani ya mkeka, mkeka haufi. Mechi hiyo inahesabiwa kuwa na odi ya 1.00 na nyingine zinaendelea. Tuseme umeweka shilingi 10,000 kwa mechi tatu zenye odi za 1.50, 1.80 na 2.00. Jumla ni 5.40, na ulitarajia shilingi 54,000. Ile ya 1.80 ikibatilishwa, inabaki 1.50 mara 2.00, yaani 3.00, na malipo ni shilingi 30,000. Ukiona pesa pungufu usikimbilie kusema umeibiwa. Fungua mkeka, tafuta mstari ulioandikwa Void, kisha piga hesabu upya mwenyewe.

Malalamiko yangu kwa kampuni ni haya: sheria ya kujitoa huwekwa ndani ya kurasa ndefu za masharti, mara nyingi kwa Kiingereza, mbali na kitufe cha kuweka dau. Ingetosha mstari mmoja wa Kiswahili chini ya kila soko la tenisi: hapa seti moja inatosha, au hapa mechi lazima iishe. Mpaka watakapofanya hivyo, kazi hiyo ni yako. Kabla ya kuweka shilingi kwenye tenisi, ingia kwenye sheria za kampuni, tafuta sehemu ya tenisi, na usome mambo mawili tu: mshindi wa mechi anaamuliwaje mchezaji akijitoa, na kama ubashiri uliokwisha kuamuliwa unasimama au soko zima linabatilishwa. Usipoyapata, waandikie huduma kwa wateja na utunze jibu lao kabla hujatoa pesa.