Barua ya Kujibu Ofa ya Chini Bila Kumpoteza Mnunuzi

Mnunuzi anapotaja bei iliyo chini sana ya ile iliyotangazwa, muuzaji ana njia tatu: kukubali, kukataa, au kurudisha bei yake mwenyewe pamoja na masharti mapya. Njia ya tatu ndiyo inayouza nyumba nyingi, viwanja na magari yaliyotumika, lakini ndiyo inayoharibiwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu hufanywa kwa simu, kwa hasira, au kupitia dalali mwenye hesabu zake. Mauzo yanapofikia mamilioni, jibu hilo linastahili kuandikwa.

Barua ya namna hiyo ina nguvu ya kisheria ambayo wauzaji wengi hawaitambui: inaua ofa ya mnunuzi. Kesi inayofundishwa zaidi katika jambo hili ni ya Uingereza, Hyde dhidi ya Wrench, ya mwaka 1840. Wrench alitaka kuuza shamba lake kwa pauni 1,000. Hyde akajibu kwa pauni 950, Wrench akakataa. Hyde akarudi akisema sasa anakubali zile 1,000, lakini mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na mkataba, kwani ofa ya 1,000 ilikuwa imekwisha pale Hyde alipotaja 950. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inakwenda njia hiyo hiyo katika kifungu cha 7: ili ofa igeuke kuwa mkataba, ni lazima ikubaliwe kikamilifu, bila sharti la nyongeza. Kwa hiyo muuzaji aliyepewa ofa ya milioni 60 akajibu milioni 82 hawezi wiki mbili baadaye kumwambia mnunuzi, “Haya, lete zile 60,” na kudai kwamba mkataba umefungwa. Mnunuzi yuko huru kusema mambo yamebadilika.

Ipo namna ya kupima maji bila kuua ofa, nayo ni kuuliza. Katika kesi ya Stevenson dhidi ya McLean ya mwaka 1880, iliyohusu mauzo ya chuma, mnunuzi aliuliza kama muuzaji angekubali mzigo uletwe katika kipindi cha miezi miwili. Mahakama ilisema hilo lilikuwa swali tu, na ofa ilibaki hai. Muuzaji ambaye bei aliyotajiwa haimfurahishi lakini hataki kuipoteza anaweza kuandika, “Je, mnaweza kuongeza kiasi endapo malipo yatagawanywa?” bila kutaja bei mpya. Akishataja bei mpya, amevuka mto.

Kazi kubwa hufanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kwanza ni kujua bei ya chini kabisa ambayo muuzaji hatashuka zaidi, na bei hiyo isijulikane nje ya familia. Kwa nyumba wanayoishi mume na mke, hesabu hii haiwezi kuwa ya mtu mmoja, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Barua inayotaja bei ambayo mwenzi hajaikubali ni ahadi ya hewa. Pili ni kuielewa ofa yenyewe. Ofa ya chini inaweza kuwa majaribio ya mtu anayejua kupatana, inaweza kuwa ndiyo pesa yote aliyonayo, na inaweza kutokana na kasoro aliyoiona alipokagua. Kila moja inahitaji jibu tofauti, na mara nyingi mnunuzi mwenyewe amedokeza sababu katika maneno yake.

Mfano mmoja wa kubuni utaonyesha jinsi hesabu hizo zinavyokwenda. Nyumba ya vyumba vitatu huko Kihonda, Morogoro, yenye hati miliki, imetangazwa kwa shilingi milioni 85. Mnunuzi ameikagua mara mbili, kisha ameandika kwamba yuko tayari kutoa milioni 60 taslimu, akitaja kuwa paa la jiko la nje limeoza. Muuzaji na mkewe wameafikiana kwamba hawatashuka chini ya milioni 75.

Mtego wa kwanza ni kukutana katikati. Katikati ya 60 na 85 ni 72.5, chini ya kikomo cha wenye nyumba. Muuzaji anayejibu haraka kwa 80 anazidi kujibana, kwani katikati ya 60 na 80 ni 70, na mnunuzi atapendekeza “tugawane tofauti” kwa moyo mweupe kabisa. Dawa ni kwamba punguzo la kwanza liwe na sababu inayoonekana. Fundi amekadiria ukarabati wa paa la jiko kuwa milioni 3, basi bei inashuka hadi 82 kwa sababu hiyo na si kwa sababu mnunuzi amelalamika. Punguzo lisilo na sababu humwambia mnunuzi kwamba bei ya awali ilikuwa ya kubahatisha, na kwamba akibonyeza kidogo itashuka tena.

Jambo la pili ni kuitazama ile milioni 60 yenyewe. Kama ndiyo pesa aliyonayo mkononi leo, hatapanda hata akiombwa kwa lugha tamu kiasi gani. Lakini anaweza kuitoa kama malipo ya kwanza na kumalizia baadaye. Ofa iliyoonekana kuwa tusi inageuka kuwa msingi wa mauzo. Muuzaji mwenye busara anaweka mbele ya mnunuzi njia mbili: bei kubwa kidogo kwa awamu, au bei ndogo kidogo kwa mkupuo. Jibu litakalorudi litamwonyesha kama tatizo la mnunuzi ni bei au ni pesa ya wakati huu.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi:

“Ndugu,

Yah: Nyumba ya Kihonda

Tumepokea barua yako yenye ofa ya shilingi milioni 60, na tunakushukuru kwa kuja kuikagua nyumba mara mbili na kutueleza wazi uliyoyaona. Kwa kiasi hicho hatutaweza kuuza, lakini tungependa nyumba hii iende kwako na tumetafuta namna.

Ulilosema kuhusu paa la jiko la nje ni kweli. Fundi amekadiria ukarabati kuwa milioni 3, nasi tumeuondoa katika bei. Kwa hiyo tunapendekeza moja kati ya haya: milioni 82, ambapo milioni 60 zitalipwa siku ya kusaini mkataba na milioni 22 ndani ya miezi mitano, au milioni 79 zikilipwa zote ndani ya siku 30.

Nakala ya hati na stakabadhi za kodi ya ardhi ziko tayari, na unakaribishwa kufanya upekuzi katika ofisi ya ardhi wakati wowote.

Pendekezo hili liko wazi kwa siku 10 kuanzia tarehe ya barua hii. Mauziano yatakamilika kwa mkataba wa maandishi utakaosainiwa na pande zote mbili.

Wako katika biashara,”

Barua hiyo haianzi na “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.” Inaanza na ofa ya mnunuzi, kwa kiasi chake, ili asiweze kubaki shaka lolote juu ya kinachojibiwa. Shukrani iliyomo inataja kitu alichokifanya hasa, yaani kuja mara mbili, na ndiyo maana haisikiki kama kilemba cha ukoka. Kukataa kumewekwa katika sentensi moja fupi, kisha “lakini” inafuata papo hapo. Hakuna maelezo kwamba ofa ni ya kushangaza au kwamba nyumba za jirani zimeuzwa ghali. Mnunuzi aliyeaibishwa hapandi bei. Anatafuta nyumba nyingine ili asionekane ameshindwa.

Kukiri kasoro ya paa ndiko kunakoijenga barua. Muuzaji anayekubali jambo dogo lililo wazi anaaminiwa anapokataa jambo kubwa. Mwaliko wa upekuzi nao una kazi yake, kwa maana wanunuzi wengi wa ardhi hushusha bei kwa hofu ya kutapeliwa, na hofu hiyo ikiondoka bei hupanda bila kubembelezwa.

Muda wa siku 10 unamlinda muuzaji asifungwe na bei yake huku mnunuzi akizunguka, lakini uwe muda wa kweli: siku mbili ni vitisho, na mwezi mzima ni kama hakuna kikomo. Sentensi ya mwisho kuhusu mkataba inazuia barua isije ikachukuliwa kuwa ndiyo mkataba wenyewe mnunuzi akijibu tu “nimekubali” bila mipango ya hati, wakili na malipo. Katika njia ya awamu, hapo ndipo pia huandikwa kwamba umiliki hauhamishwi mpaka shilingi ya mwisho ilipwe, na nini kitatokea mnunuzi akikwama katikati.

Maneno mawili yasiwemo. Moja ni “bei ya mwisho”, kama si ya mwisho kweli, kwa kuwa muuzaji akishuka baada ya kuyaandika, hakuna neno lake litakaloaminiwa tena. Jingine ni mnunuzi wa kubuni, yule “mtu mwingine aliyekwishafika 80”. Mbali na kuwa ni uongo, mnunuzi mzoefu atajibu, “Basi muuzie huyo,” na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Barua iende kwa mnunuzi mwenyewe, na nakala kwa dalali kama yupo. Dalali anayebeba bei kwa mdomo anaweza kuweka cha juu chake juu ya bei ya muuzaji, au kumnong’oneza mnunuzi kwamba wenye nyumba wana shida, alimradi biashara ifungwe haraka. Karatasi yenye kiasi na tarehe inaziba mianya yote miwili. Ikitumwa kwa WhatsApp, ni bora iwe picha au faili la barua iliyosainiwa kuliko ujumbe mfupi unaoweza kukatwa vipande.

Mnunuzi wa Kihonda akijibu kwa milioni 72 kwa mkupuo, amepanda 12 na amejionyesha kuwa pesa anayo. Muuzaji sasa anashuka kwa hatua inayopungua: kutoka 79 hadi 77, kisha 76. Hatua zinazozidi kuwa fupi humwambia mnunuzi kwamba ukuta uko karibu, bila mtu kulitamka neno hilo. Akisimama kwenye 74 na asisogee, muuzaji hushukuru, huacha namba ya simu, na hatumi barua nyingine kabla ya siku 10 kwisha.

Wakikubaliana kwenye 76, makubaliano ya mdomo hayatoshi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, katika kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi ili uweze kutekelezwa mahakamani, na mpaka siku hiyo ya kusaini, muuzaji na mnunuzi kila mmoja bado anaweza kujitoa.