Ule mvumo wa umeme ndani ya sauti: namna ordinatere inautafuta bila kuchoka

Mutu akirekodi mahojiano hapa Likasi karibu na waya yenye haikufungwa vizuri ku udongo, tunajua kitakachotokea: nyuma ya sauti kunabaki mvumo, mmm, usiokwisha. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekonde, kwa hiyo mvumo unakaa ku 50, na ndugu zake ku 100 na 150. Ukitaka kuutosha bila kukata sauti ya mama anayezungumza, lazima kwanza ujue ndani ya rekodi kuna kiasi gani cha kila mutetemo.

Ordinatere haioni sauti. Inaona vipimo, mara nyingi 44.100 kwa sekonde. Njia ya zamani ya kutafuta mitetemo ni hii: kwa kila mutetemo, uchukue kila kipimo, ukizidishe na namba fulani inayozunguka kama mushale wa saa, kisha ujumlishe yote. Tuchukue vipimo 8, kuanzia x[0] mpaka x[7]. Duara la ule mushale tunalikata hatua 8, na hatua moja tunaiita W. Jibu la mutetemo namba k ni jumla ya x[n] mara W^(nk). Kuna majibu 8, kila moja linakula mazidisho 8. Yote ni 64.

Sasa tupange vile vipimo makundi mawili: A ni vya nafasi 0, 2, 4, 6, B ni vya 1, 3, 5, 7. Ndani ya A mushale unaruka hatua mbili mbili. Lakini kuruka mbili mbili ku duara la hatua 8 ni sawa na kwenda moja moja ku duara la hatua 4! Basi A ni hesabu ileile, ila ndogo, ya vipimo 4. B pia, isipokuwa inaanza nyuma kwa hatua moja, kwa hiyo kila jibu lake linabaki na W^k moja ya kuzidisha pembeni.

Na majibu ya k kutoka 4 mpaka 7? A na B zenyewe zimekwisha muzunguko wao, zinarudia majibu ya kwanza. W^(k+4) nayo ni nusu ya duara mbele, maana yake W^k ileile na alama ya kutoa:

```
X[k]   = A[k] + W^k · B[k]
X[k+4] = A[k] − W^k · B[k]
```

Zidisho moja linatoa majibu mawili. Ukilichora, mistari inapishana kama mabawa, njo maana wanaita kipepeo. A na B nazo unazigawanya hivyohivyo, mpaka unafikia vipimo viwili viwili. Kwa 8 hiyo ni ngazi tatu, kila ngazi vipepeo 4: vipepeo 12 mahali pa mazidisho 64.

Kwa 8 faida ni ndogo, mutu angeweza kuvumilia. Lakini kwa studio 8 haitoshi, na hata 1.024 haitoshi: inatenganisha mitetemo kwa upana wa 43 hivi, na sauti ya mwanaume iliyo ku 110 haiachani na mvumo wa 100. Ukichukua vipimo 16.384, upana unashuka mpaka 2,7. Njia ya zamani ingedai mazidisho 268.435.456. Vipepeo ni 8.192 kwa ngazi, ngazi 14, jumla 114.688. Ni kama mara 2.340 chini. Cooley na Tukey waliitangaza njia hii mwaka 1965, ingawa Gauss alikuwa ameipata tangu 1805 hivi.

Anayeiandika mwenyewe mara nyingi anasahau jambo moja. Kwa kugawanya na kugawanya tena, vipimo vinapaswa kuingia kwa mupango wa 0, 4, 2, 6, 1, 5, 3, 7. Jaribu na 1, 0, −1, 0, 1, 0, −1, 0. Kundi B ni sufuri tupu, na A inatoa 4 ku nafasi 2 peke yake, kwa hiyo majibu ni 4 ku nafasi 2 na ku 6, mahali pengine sufuri. Ukiona namba zimetapakaa ku nafasi sita, haukupanga vipimo. Usijaribu na 1 ikifuatwa na sufuri saba: ile 1 inabaki ku nafasi yake hata ukisahau kupanga, na kosa linajificha.

Ila vipepeo vinaharakisha tu. Jibu ni lilelile la njia ya zamani, na ubaya wake ni uleule. Kwa vipimo 16.384, mutetemo wa 50 unaangukia kati ya nafasi 18 na 19, kwa hiyo mvumo unamwagika kidogo kwa majirani. Ukikata nafasi moja tu, mmm bado utaisikia.