Saa Inapohesabu Hatua Badala ya Mapigo ya Moyo

Mkimbiaji anajikimbilia polepole alfajiri huku akipiga soga na mwenzake. Anatupia jicho saa yake janja na kukuta mapigo 172 kwa dakika. Hapo pana walakini, kwa sababu moyo unaokwenda kasi hiyo kwa kawaida haumwachii mtu pumzi ya kumaliza hata sentensi moja.

Anasimama na papo hapo anaweka vidole viwili shingoni, chini ya taya. Kwa sekunde 15 anahesabu mapigo 33. Mara nne, ni 132. Kisha anaanza tena kukimbia kwa mwendo uleule, safari hii akihesabu hatua: 43 kwa sekunde 15, yaani 172 kwa dakika. Kumbe saa ilikuwa inahesabu miguu.

Kosa hili linatokana na jinsi kihisi kinavyofanya kazi. Mgongoni mwa saa kuna taa ndogo za kijani zinazomulika ngozi, na kando yake kipokea mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi hupungua kidogo mno. Saa huhesabu hayo mabadiliko madogo. Mkanda ukilegea, kila mguu unapogonga ardhi saa hucheza, mwanga wa nje hupenya pembeni, na mtikisiko huo huwa mkubwa kuliko alama ya damu yenyewe. Saa hushika mdundo wenye nguvu zaidi, nao ni wa hatua.

Dawa yake ni kuisogeza saa juu kidogo, upana wa kidole kimoja au viwili kutoka kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na kukaza mkanda tundu moja kabla ya mazoezi. Ukiisukuma kwa kidole, ngozi ifuate. Ikiteleza peke yake, au mwanga wa kijani ukionekana ukingoni, bado imelegea. Baada ya mazoezi ilegezwe, maana kuibana kutwa nzima huumiza ngozi.

Halafu kuna uchafu, ambao wengi hawaufikirii kabisa. Losheni, mafuta ya nazi na chumvi ya jasho lililokauka huacha utando juu ya kioo cha kihisi, na mwanga hutawanyika kabla ya kufika kwenye damu. Inatosha kukifuta kwa kitambaa laini chenye maji safi, kisha kukausha kioo na mkono pia.

Wapo ambao hata wakifanya yote haya saa itawadanganya. Wino wa tatuu huzuia mwanga, na baridi hupunguza damu inayofika mkononi. Hao wanaweza kutumia mkanda wa kifuani, ambao hupima umeme wa moyo wala hautegemei mwanga. Lakini mtu akiwa ametulia, saa ni safi na imekazwa, na vidole navyo vikihesabu kasi ileile isiyo ya kawaida, aende kwa daktari.