Mteja anapokataa bei

Karakana ya madirisha ya alumini hupeleka nukuu ya bei, kisha mteja hujibu, "Asante, tumempata mwingine." Jibu linafaa kutumwa siku hiyo au kesho yake, mteja akiwa bado anakumbuka sababu. Liwe fupi: shukrani, kukubali uamuzi wake, na swali moja tu. Kumpunguzia bei hapo hapo ni kosa, kwani hudhani bei ya kwanza ilipandishwa makusudi.

Swali la "kwa nini mmetukataa?" humfanya mteja ajitetee. Lenye machaguo hujibika kwa urahisi: "Asante kwa kutujulisha, tunawatakia ujenzi mwema. Ili tujirekebishe, kilichoamua ni bei, muda wa kazi, au aina ya vioo?"

Mara nyingi jibu ni "bei", nalo halitoshi. Huenda nukuu moja ilihesabu kioo cha milimita 5, wavu wa mbu, usafiri na ufungaji, na nyingine kioo cha milimita 4 bila wavu. Hapo kasoro ni ya maandishi: mteja hakuonyeshwa anacholipia. Nukuu ijayo itenganishe vipengele hivyo. Lakini mteja akinyamaza, asiulizwe tena.

Mlango hubaki wazi kwa sababu mahususi. Nyumba iliyopata madirisha bado itahitaji milango ya bafu au kabati za jikoni, hivyo fundi huandika hatua ya ujenzi daftarini na kumsalimu mteja hatua hiyo ikikaribia, akiwa na bei mpya, maana ya zamani imeshapitwa na wakati.