Kotesheni Tatu za Nembo Moja

Kotesheni ya nembo kwa kawaida ni karatasi fupi: jina la kazi, bei, muda, na mistari michache ambayo wateja wengi huiruka. Bei halisi imejificha katika mistari hiyo. Ndiyo inayoeleza nembo itarekebishwa mara ngapi, itakabidhiwa katika mafaili ya aina gani, na haki juu yake itakuwa ya nani baada ya kulipwa. Kotesheni iliyoonekana nafuu inaweza kugeuka ghali mara mistari hiyo inapotiwa kwenye hesabu.

Chukua mfano wa mwoka mikate wa Mombasa anayetaka nembo ya mifuko ya karatasi ya kaki, kibao cha duka chenye upana wa mita mbili, na kurasa zake za mtandaoni. Kotesheni ya kwanza ni shilingi 6,000: mapendekezo matatu, marekebisho bila kikomo, mafaili ya JPG na PNG, suala la haki halikutajwa. Ya pili ni shilingi 14,000: mapendekezo mawili, raundi mbili za marekebisho, shilingi 1,500 kwa kila raundi ya ziada, na mafaili ya PDF, SVG na PNG. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, imeandikwa kuwa hakimiliki inabaki kwa msanifu na mteja anaruhusiwa kuitumia nembo nchini Kenya kwa miaka miwili. Ya tatu ni shilingi 22,000: mapendekezo mawili, raundi tatu, mafaili yale yale pamoja na faili asilia la kazi, na haki zote kuhamia kwa mteja akishamaliza malipo.

Ahadi ya marekebisho bila kikomo huvutia, lakini ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka kwanza. Msanifu ana saa zile zile za siku kama watu wengine. Asiyeweka kikomo kwenye karatasi hukiweka kimyakimya, kwa kuchelewesha majibu au kwa kubadilisha rangi tu na kurudisha mchoro ule ule. Raundi mbili zilizoelezwa vizuri huzaa kazi bora kuliko ishirini zisizo na maana maalumu. Kinachotakiwa kiandikwe ni maana ya raundi. Kwa wasanifu wengi raundi ni orodha moja ya maoni yanayotumwa kwa pamoja, hata yakiwa kumi. Kwa wengine kila ujumbe wa WhatsApp huhesabiwa peke yake, na mwoka mikate anayetuma maoni yake asubuhi, kisha ya mkewe jioni, atakuwa ameshamaliza raundi zake mbili kabla jua halijazama. Vilevile iandikwe mpaka kati ya kurekebisha na kuanza upya. Kunenepesha herufi au kusogeza shuke la ngano ni marekebisho. Kuacha shuke na kutaka tanuri ni pendekezo jipya, na kulitoza si dhuluma.

Kwenye mafaili ndiko hasara hutokea mara nyingi zaidi, kwa kuwa haionekani mpaka siku ya kuchapa. JPG na PNG ni picha zilizojengwa kwa vidoti vinavyoitwa pikseli. Nembo ya PNG yenye upana wa pikseli 800 hupendeza kwenye simu. Ikivutwa hadi mita mbili, kila pikseli inakuwa mraba wa milimita mbili na nusu, na kingo za herufi zinaonekana kama ngazi. JPG ina kasoro nyingine: haina uwazi, kwa hiyo nembo huja na mandharinyuma yake. Ikichapwa ilivyo juu ya picha ya mkate, hutokea ndani ya kisanduku cheupe. Faili la vekta, kama SVG, au PDF na EPS zilizoandaliwa sawasawa, huhifadhi mistari kwa hesabu badala ya vidoti, na hukuzwa bila kuharibika, kuanzia stika hadi ubavu wa lori.

Hata hivyo jina la faili halitoshi kuaminiwa. Mtu anaweza kuitia PNG ndani ya PDF na kuikabidhi kama vekta. Kipimo chake ni rahisi: faili hufunguliwa kwenye kompyuta na kukuzwa mpaka herufi moja ijaze skrini. Kingo zikibaki kali kama wembe, ni vekta. Zikiota ukungu au ngazi, ni picha iliyofichwa. Jambo la pili la kukagua ni maandishi. Yasipogeuzwa kuwa maumbo, kompyuta ya mpiga chapa isiyo na fonti ile itaweka fonti yake, na jina la duka litatoka kwa sura ambayo hakuna aliyeichagua. Kotesheni nzuri pia hutaja rangi za uchapaji pamoja na rangi za skrini, kwani kijani king'aacho kwenye simu mara nyingi hufifia kinapowekwa wino, tena zaidi juu ya karatasi ya kaki.

Upande wa haki, sheria ya mahali ina uzito. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inachukulia kuwa hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Uingereza ni kinyume: msanifu huru hubaki na hakimiliki mpaka aihamishe kwa maandishi, na anayemwajiri msanifu wa huko kupitia mtandao hana budi kulijua hilo. Kwa mwoka mikate, kimya cha kotesheni ya kwanza hakimdhuru sana. Anayedhuriwa ni yule anayesaini ya pili, maana ile sentensi ya chini inamnyang'anya alichopewa na sheria.

Lakini haki haihami kama haikuwapo. Nembo ya bei ya chini mara nyingi hutengenezwa kwa mchoro uliotayarishwa na kuuzwa kwa yeyote, na duka la jirani linaweza kulitumia shuke lile lile kihalali. Mwenye nia ya kuisajili nembo kwenye taasisi ya KIPI, ambako usajili wa alama ya biashara hudumu miaka 10 na kuhuishwa, anahitaji sentensi ya msanifu kwamba mchoro ni wake mwenyewe na kwamba fonti ina leseni ya biashara.

Hesabu sasa inaweza kufanywa. Kwenye kotesheni ya kwanza inaongezwa, tuseme, shilingi 4,000 za kuichora nembo upya kwa vekta; inafika 10,000, bila uhakika wa upekee. Kwenye ya pili inaongezwa raundi moja ya ziada na bei ya kununua haki zote. Msanifu akitaka 10,000 kwa haki hizo, jumla ni 25,500. Ya tatu inabaki 22,000. Ile ya katikati, iliyoonekana ya wastani, ndiyo ghali kuliko zote. Muuza mandazi mwenye kibanda kimoja, asiye na mpango wa kusajili chochote, anaweza kuchukua ya kwanza bila kujuta, ilimradi faili la vekta liandikwe kabla hajatoa amana. Mwoka mikate wa mifuko na vibao atafaidika zaidi na ya tatu, au na ya pili ikiwa msanifu atakubali kuifuta ile sentensi.

Malipo nayo yapangwe yafuate mafaili. Mgawanyo wa nusu kuanza na nusu kumaliza ni wa kawaida, na ni haki msanifu kushikilia mafaili ya mwisho mpaka alipwe. Kinachofaa kuombwa ni kukaguliwa kwa faili la vekta kwenye kompyuta ya msanifu, au kwa mpiga chapa mwenyewe, kabla ya ile nusu ya pili kutumwa.