Kidonda Cheusi Kisichouma

Jamaa zetu walioko Kitale na Bungoma wanaishi pembezoni mwa Mlima Elgon. Ng'ambo ya pili ya mlima huo, nchini Uganda, iko wilaya ya Kween. Mwaka 2018 ng'ombe alikufa huko ghafla, na watu wakamchuna, wakamkata na kugawana nyama. Wizara ya Afya ilipochunguza ilikuta wagonjwa 49 wa kimeta. Alhamdulillahi, hakuna aliyefariki. Walioshika mzoga walitokwa na vidonda vya ngozi. Waliokula nyama isiyoiva vyema waliugua tumbo.

Hukumu ya mzoga twaifahamu sote. Ila wapo wanaomuwahi kwa kisu mnyama mgonjwa anayekata roho, wakadhani shaka imekwisha. Kisu hakiondoi kimeta. Damu ile ile ndiyo iliyojaa vijidudu, navyo hupenya mkononi penye mchubuko.

Tuchukue mfano wa mchinjaji aliyechuna mnyama wa namna hiyo. Baada ya siku chache, aghalabu kabla ya wiki kwisha, huota kipele kiwashacho mithili ya alama ya mbu. Kipele hugeuka lengelenge, kisha katikati hudidimia pakawa na gaga jeusi kama mkaa, na ngozi ya kandoni huvimba. Jipu huuma na kutoa usaha. Kidonda hiki hakiumi wala hakina usaha. Kutouma huko ndiko kunakowahadaa watu wakachelewa.

Akifika zahanati mapema, bila homa, tabibu aweza kumpa vidonge vya doksisaiklini, miligramu 100 asubuhi na jioni, au siprofloksasini, miligramu 500 vivyo hivyo. Muda wake ni siku 7 hadi 10. Mjamzito na mtoto huchaguliwa dawa na kipimo na tabibu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya 10 gaga lingali jeusi, na mgonjwa hudhani dawa imeshindwa. Sivyo. Vijidudu vimekwisha kufa. Weusi ule ni athari ya sumu waliyoiacha, na gaga hudondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Asilikate wala asilikamue, na asirefushe dawa kwa sababu ya rangi. Wala asiache siku ya 3 kwa kuwa uvimbe umepungua. Zile siku 60 zinazotajwa ni za aliyevuta mbegu za kimeta kwa pumzi, kama walivyopewa watu Marekani katika mkasa wa barua za mwaka 2001, kwani mbegu hizo hulala mapafuni muda mrefu kabla ya kuamka.

Lakini kidonda kikiwa usoni au shingoni, uvimbe ukitambaa, au ikaja homa na kichwa kikali, vidonge havitoshi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo atiwe dawa ya mshipa.

Na kila aendaye kwa tabibu aseme wazi: "Nimeshika nyama ya mnyama aliyekufa." Walioshika pamoja naye nao waende, hata kama hawajaota kipele, wapate dawa ya kinga. Mzoga usipasuliwe, aitwe daktari wa mifugo.