Intaneti Ipo, Picha Imeganda

Mwalimu mmoja wa Kiswahili hapa Tanga alinijia na kompyuta yake mpakato kwapani, sura imemshuka. Jioni tatu kwa wiki anafundisha kwa simu ya video kupitia Zoom. Wanafunzi wake ni sita, wengine wako Ujerumani, wengine Kanada, na ada yao ndiyo inayomlipia kodi ya nyumba.

"Fundi," akaniambia, "nimeshabadilisha kampuni ya intaneti mara mbili. Nikipima kasi naona iko vizuri. Lakini nikianza kufundisha, dakika kumi haziishi, wanafunzi wananiambia nimeganda mdomo wazi."

Tulipima tena pale pale. Kasi ya kupokea ilikuwa megabiti 18 kwa sekunde, na ya kutuma megabiti 5. Simu ya video ya watu wawili yenye picha safi kwenye Zoom inahitaji kama megabiti 1.2 kwa sekunde kila upande. Darasa la watu sita linahitaji zaidi ya hapo, lakini bado megabiti 5 za kutuma zinatosha na kubaki. Kwa hiyo mwalimu alikuwa anasema kweli: intaneti ilikuwepo. Kilichonishika ni zile dakika kumi. Kama njia ni nyembamba, picha haingoji dakika kumi ndipo ikwame, inasumbua tangu salamu ya kwanza.

Kabla sijaeleza tulichokiona, inafaa kujua simu ya video inafanya nini ndani ya kompyuta. Kamera ikipiga picha ya kiwango kinachoitwa 720p, kila picha ina nukta 921,600, na kwa kawaida zinapigwa picha 30 kila sekunde. Zikitumwa kama zilivyo, zingehitaji megabiti zaidi ya 300 kwa sekunde, kasi ambayo nyumba nyingi hazina. Ndiyo maana kompyuta huzifinya kwanza. Inalinganisha kila picha na iliyotangulia, inaacha yasiyobadilika, inatuma yaliyobadilika tu, na mzigo wa megabiti 300 unashuka hadi megabiti moja na kidogo.

Kufinya huko ni kazi ya prosesa, na ina saa yake. Picha 30 kwa sekunde maana yake kila picha imepewa milisekunde 33 tu. Prosesa ikitumia milisekunde 60 kwa picha moja, haiwezi kutuma 30 tena, itatuma 16. Ikichelewa zaidi zitakuwa 8, na mwenzako ataona unasogea kwa kurukaruka, kisha umeganda. Wakati huohuo prosesa ileile inafumua picha za watu wengine zinazoingia. Mwalimu mwenye wanafunzi sita kwenye skrini anafinya picha moja na kufumua sita, bila kupumzika, kwa saa nzima.

Hapa ndipo kipimo cha kasi kinapowapoteza watu. Kinapima upana wa njia kwa sekunde chache, lakini hakipimi kama mpakiaji wa mizigo ana nguvu. Na wengi huniuliza, mbona filamu za YouTube zinaonekana bila shida kwenye kompyuta hiyohiyo? Kwa sababu filamu ilishafinywa zamani na mitambo ya wenyewe, na kompyuta yako inapakua sehemu ya mbele mapema na kuiweka akiba. Njia ikiyumba kidogo, akiba inaziba pengo. Mazungumzo hayana akiba. Neno linalosemwa sasa lazima lifike sasa, na kazi ya kufinya uso wako hakuna wa kukufanyia.

Nilimwomba mwalimu nije nyumbani kwake wakati wa kipindi, maana ugonjwa wa namna hii hauonekani kompyuta ikiwa imekaa bure. Nilimkuta amekaa kitandani, kompyuta iko juu ya mto, waya wa chaji umeunganishwa. Nyuma yake kwenye skrini ilionekana bahari na minazi, ile picha ya bandia anayoiweka ili wanafunzi wasione chumba. Dakika za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha feni ikaanza kuvuma hadi wanafunzi wakaisikia, na mshale wa kipanya ukawa unachelewa kufuata kidole.

Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager. Kwenye safu ya CPU palisomeka asilimia 100. Nikaingia Performance, ambako huandikwa namba mbili: Base speed, yaani kasi ya kawaida ya prosesa hiyo, na Speed, yaani kasi inayokwenda sasa. Ya kwanza ilisomeka 2.40 GHz. Ya pili 1.10. Prosesa ilikuwa imejipunguza zaidi ya nusu. Hufanya hivyo yenyewe ikipata joto kali ili isiungue, na mto ulikuwa umeziba matundu ya chini ambako hewa huingia. Zile dakika kumi zikapata jibu: ndio muda ambao kompyuta ilikuwa inachukua kupata joto.

Zoom nayo ina ukurasa wake wa vipimo, ndani ya Settings, sehemu ya Statistics. Ukifungua Video unaona mstari wa Packet loss, yaani vipande vya data vinavyopotea njiani, na mstari wa Frames per second, yaani picha zinazotumwa na kupokelewa kila sekunde. Vilivyopotea njiani vilikuwa asilimia sifuri. Picha zilizotumwa zilikuwa 8. Njia haikupoteza kitu, mzigo ndio haukuwa unatoka nyumbani.

Tukaanza kurekebisha, jambo moja kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha yote kwa mkupuo hutajua lipi lilikuwa na kosa. Tuliinua kompyuta juu ya vitabu viwili mezani, hewa ikapita chini. Baada ya dakika kadhaa Speed ikapanda hadi 2.30. Tukafunga kivinjari kilichokuwa na kurasa zaidi ya 20, CPU ikashuka hadi 90. Kisha nikamwomba aondoe bahari na minazi, achague None. Ikashuka hadi 65. Mwalimu alishangaa, lakini picha ya bandia ni mzigo mzito kuliko watu wanavyodhani: kwa kila picha kompyuta hutafuta upya mpaka wa nywele, mabega na mikono yako, ndipo ibandike bahari nyuma. Tukamtandikia khanga ukutani, ikamsitiri bila kuigharimu prosesa chochote.

La mwisho lilikuwa ubora wa picha. Kwenye Settings, sehemu ya Video, tuliondoa alama kwenye kisanduku cha HD, akawa anatuma picha ya 360p. Picha hiyo ina nukta 230,400, robo kamili ya ile ya kwanza, kwa hiyo kazi ya kufinya ikapungua na njia ikapumua pia. Kwa upande wa kupokea, kwenye View akachagua Speaker, anayezungumza akawa mkubwa na wengine wadogo. CPU ikatulia karibu na 45, picha zinazotumwa zikafika 24 kwa sekunde. Mwanafunzi wa Kanada akasema, "Mwalimu, leo mdomo wako na sauti vinakwenda pamoja."

Kwako nyumbani unaweza kutofautisha magonjwa haya mawili hata bila kuelewa namba zote. Ikiwa feni inavuma, mshale unachelewa na kompyuta nzima imekuwa nzito, shuku prosesa. Ikiwa kompyuta ni nyepesi kabisa lakini sauti za watu zinakatika maneno au zinageuka kama za roboti, shuku njia. Sauti haihitaji hata megabiti 0.1 kwa sekunde, na programu nyingi huilinda kuliko picha, kwa hiyo ikianza kuchanika sauti ujue njia imechafuka kwelikweli. Kipimo kizuri zaidi ni simu yako ya mkononi. Iunganishe kwenye Wi-Fi ileile, ukae palepale, upige simu ya video kwa mtu yuleyule. Simu ikienda vizuri na kompyuta inaganda, usiongeze bando. Zote zikiganda, sogea karibu na kifaa cha Wi-Fi, na uangalie kama kuna mtu nyumbani anayepandisha picha au video mtandaoni, maana upande wa kutuma ndio huwa mwembamba na hujaa upesi.

Kuna na dalili nyingine ya kuangalia. Ikiwa wewe unawaona wenzako vizuri lakini wao wanakuona umeganda, tatizo liko kwenye kutuma, ama prosesa yako inachelewa kufinya, ama upande wako wa kutuma umejaa. Zima kamera yako kwa dakika mbili. Kila kitu kikitulia, rudisha kamera kwa ubora wa chini. Kwenye Google Meet ubora huo unachaguliwa ndani ya Settings, sehemu ya Video, ambako 360p ni nyepesi kuliko 720p. Kama kompyuta haichomekwi chaji, angalia pia isije ikawa iko kwenye hali ya kubana betri, ambayo nayo hupunguza kasi ya prosesa.

Kushusha ubora kuna gharama yake, na mwalimu aliigundua kipindi kilichofuata. Alikuwa amezoea kuandika ngeli kwenye ubao mdogo alioutundika nyuma yake. Kwa 360p wanafunzi hawakuweza kutofautisha "vi" na "ki". Jibu halikuwa kurudisha HD. Sasa anaandika kwenye kompyuta na kuwaonyesha skrini yake kwa kitufe cha Share. Maandishi yaliyotulia hayabadiliki kila sekunde, kwa hiyo hutumwa yakiwa makali bila kuielemea prosesa. Uso wake unabaki dirisha dogo pembeni, na dirisha dogo halihitaji zaidi ya 360p.

Kompyuta yake bado ni ileile ya zamani, yenye prosesa ya viini viwili. Kama angekuwa na wanafunzi 20 wote wamewasha kamera, ningemwambia ukweli kwamba haitaweza. Kwa sita inamtosha. Nilichoumia nacho ni fedha alizomwaga kwenye kampuni mbili za intaneti kabla hajaja kwangu, kwa sababu kila aliyemuuliza alimwambia aongeze kasi, na hakuna aliyemwambia aitoe kompyuta juu ya mto. Mwezi uliofuata alirudi kwenye kifurushi chake cha kwanza, kile cha bei ndogo. Vipindi vinaendelea, na khanga bado iko ukutani.